Nyumba Njema Si Mlango

Katika Barabara ya Caledonian, upande wa kaskazini wa jiji la London, penye nambari 465, umesimama ukuta wa matofali wenye kila alama ya nyumba isipokuwa nyumba yenyewe. Una matao, una madirisha yaliyopangika, una lango. Ulijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 uwe uso wa ghala la kampuni ya Mallett, Porter na Dowd, na kwa zaidi ya miaka mia moja uliwatazama wapita njia kwa haiba ile ya majengo ya kazi, ambayo hayakujengwa yapendwe na mwishowe yakapendwa. Leo hakuna ghala nyuma yake. Hatua chache tu nyuma ya ukuta liko jengo jingine kabisa: bweni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha UCL, lenye vyumba takriban 350, lenye sakafu zake, dari zake na madirisha yake, ambayo hayakukutana na madirisha ya ukuta ule. Matundu ya zamani yameachwa matupu, bila vioo. Aliye njiani akichungulia dirisha la zamani huona ukuta mpya. Aliye chumbani akichungulia dirisha jipya, huenda akaona mgongo wa matofali ya zamani.

Halmashauri ya Islington iliukataa mpango huo. Mwenye mradi akakata rufaa, na mkaguzi wa serikali akauruhusu. Mwaka 2013, kazi ilipokamilika, jarida la wasanifu majengo la Building Design likalitunuku bweni hilo tuzo yake ya kejeli iitwayo Carbuncle Cup, yaani Kikombe cha Jipu, ambayo zama hizo ilitolewa kila mwaka kwa jengo baya kuliko yote mapya ya Uingereza. Jina la tuzo lilitokana na hotuba ya mwaka 1984 ya Mwanamfalme Charles, ambaye sasa ni mfalme, alipolifananisha pendekezo la kupanua Jumba la Taifa la Sanaa na jipu usoni mwa rafiki mpendwa. Katika Barabara ya Caledonian mambo yamegeuka: uso ni mzima, jipu limeota nyuma yake.

Desturi hii ya kubakiza ukuta wa mbele wa jengo la kihistoria na kujenga upya kila kilicho nyuma yake, wahifadhi wa majengo wameipa jina linalotokana na neno la Kifaransa la uso wa jengo. Neno hilo likitamkwa kwa ulimi wa mwambao huwa fasadi. Mwambao tayari unayo fasadi nyingine, iliyokuja kwa njia ya Kiarabu, yenye maana ya uharibifu. Maneno haya mawili hayana nasaba. Yamekutana njiani tu. Lakini wako wahifadhi ambao, lau wangelijua Kiswahili, wangeapa kuwa ni neno moja.

Na wako wengine ambao wangekataa. Ugomvi wao una umri mrefu na haujaisha, wala si ugomvi kati ya wapenda historia na maadui wa historia. Ni ugomvi wa ndugu wa nyumba moja. Wote wanataka jengo la zamani libaki. Wanachogombania ni hili: jengo ni nini hasa, hata mtu aweze kusema limebaki?

Ili kulielewa swali hilo ni bora kuanza na jambo dogo la fundi, nalo ni kwamba dirisha haliwekwi ukutani kwa ajili ya ukuta. Huwekwa kwa ajili ya chumba. Kimo chake kutoka sakafuni hupimwa kwa kifua cha mtu aliyesimama au kwa jicho la mtu aliyeketi, na upana wake hupimwa kwa kina ambacho mwanga unatakiwa kufika. Kwa hiyo ukuta wa mbele wa jengo la kawaida ni kama maandishi yanayosomeka: anayejua kusoma hutambua kutoka njiani sakafu ziko wapi, chumba kikubwa ni kipi, ngazi inapita wapi. Madirisha ni matokeo; sababu iko ndani.

Sasa chukua ghala la zamani la ghorofa 3, kila ghorofa ina kimo cha mita 4. Maghala yalijengwa hivyo kwa sababu mizigo ilipangwa juu kwa juu na kwa sababu mwanga ulilazimika kuingia mbali kabla ya umeme. Ukuta wake wa mbele, basi, una mita 12. Mwenye mradi wa leo hahitaji mita 4. Chumba cha kulala hakihitaji zaidi ya mita 3 pamoja na unene wa sakafu. Katika mita 12 zilezile atapata ghorofa 4 badala ya 3, na ghorofa moja ya ziada ndiyo faida yake. Sakafu za zamani zilikaa kwenye mita 4 na mita 8. Sakafu mpya zitakaa kwenye mita 3, 6 na 9. Tazama litakalolipata dirisha la ghorofa ya kati, ambalo linaanza mita 5 kutoka ardhini na kwisha mita 7 na nusu. Sakafu mpya ya mita 6 itapita katikati yake kama mshipi. Aliye chumba cha chini ataona kipande cha dirisha cha mita moja, kimebanwa chini ya dari yake, naye hawezi kutazama nje mpaka apande kiti. Aliye chumba cha juu ataona dirisha linaanzia kwenye nyayo zake na kukomea kifuani. Dirisha moja limegawanywa kwa watu wawili, na hakuna hata mmoja aliyepata dirisha.

Msanifu mwenye haya huliepuka jambo hili kwa njia mbili. Ama hukubali kuzifuata sakafu za zamani, akapoteza ghorofa ile ya faida. Ama husogeza jengo jipya nyuma kidogo, akaacha ufa wa hewa kati ya uso na mwili, kila mmoja akawa na madirisha yake. Njia ya pili ndiyo iliyofuatwa katika Barabara ya Caledonian. Mpenzi wa ushairi atalitambua kosa lake upesi kuliko msanifu. Ni kama mtu achukue ubeti wa kale, avibakize vina vyote mahali pake, katikati na mwisho, kisha maneno yanayotangulia kila kina ayafute na kuweka tangazo la biashara. Vina vipo, vinahesabika, wala havikuguswa. Lakini kina kilikuwa mwisho wa neno.

Anayetembea mjini jioni, taa zinapowashwa, anaweza kuyatambua majengo ya namna hii bila ya kuuliza mtu. Atazame madirisha ya juu: je, upo ukingo wa sakafu unaokata kioo kwa mlalo? Je, kioo kimerudishwa nyuma mno, au tundu halina kioo kabisa na nyuma yake kuna mbingu? Atazame lango kuu la zamani kama lingali linafunguka, au watu wanaingilia mlango mwembamba wa kioo ubavuni. Kisha azunguke pembeni. Ukuta wa kweli hugeuka kona na kuendelea. Uliobakizwa hugeuka kwa urefu wa tofali moja au mawili, ukakoma, na baada ya hapo huanza chuma na kioo. Mtaani Spitalfields, mashariki ya jiji lilelile, aliyejipa jina la Mwandishi Mpole alipita akikusanya picha za nyuso kama hizo, na mwaka 2019 akazichapisha kitabu ambacho jina lake linaifananisha desturi hii na tauni inayotambaa. Miongoni mwa yaliyosikitikiwa mtaani humo ni Soko la Matunda na Sufu la mwaka 1929. Halmashauri ilikataa mradi wa kulibomoa; mwaka 2012 meya wa London wa wakati huo, Boris Johnson, akaupindua uamuzi huo. Uso wa mbele umebaki. Kumbi za mnada zilizokuwa ndani hazikubaki.

Mtu atasema: hii ni tamaa ya wawekezaji tu. Tamaa ipo, lakini tamaa haina uwezo wa kuchagua ukuta mmoja na kuacha mitatu. Kinachochagua ni sheria. Kwanza, sheria nyingi za mipango miji hulinda kile kinachoonekana kutoka njiani, kwa kuwa njia ni mali ya watu wote na chumba ni mali ya mwenyewe. Halmashauri inayotaka jengo zima na mwekezaji anayetaka kiwanja kitupu hukutana katikati, na mahali wanapokutana ni ukutani. Uso wa jengo huwa ndiyo bei ya kibali.

Jambo la pili halijulikani sana, nalo linastahili kuelezwa polepole. Nchini Uingereza, anayejenga nyumba mpya ya kuishi watu hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha sifuri. Anayekarabati nyumba iliyopo, kwa kawaida hutozwa asilimia 20, ingawa ziko kazi chache zenye nafuu. Bila shaka ikazuka haja ya kueleza: nyumba ya zamani hukoma lini kuwa nyumba ya zamani? Mamlaka ya kodi ikajibu kwamba hukoma inapobomolewa hadi usawa wa ardhi. Au inapobakia ukuta mmoja tu wa mbele, kuta mbili iwapo kiwanja kiko kwenye kona, mradi kubakizwa kwa ukuta huo ni sharti la kibali cha ujenzi. Msomaji aisome tena sentensi hiyo. Mwenye kuitengeneza nyumba nzima, aokoe paa, ngazi na mbao za sakafu, atalipa sehemu moja ya tano juu ya gharama zake. Mwenye kuibomoa yote akaacha ukuta mmoja kwa amri ya halmashauri, machoni pa mtoza kodi amejenga nyumba mpya, asilipe kitu. Hakuna aliyekaa akaandika kwamba historia ipunguzwe iwe na unene wa tofali moja na nusu. Lakini hesabu imeandika.

Wala kazi yenyewe si rahisi, na wale wanaoidharau kuwa ni ujanja wa wavivu hawajamwona fundi akiifanya. Ukuta wa mbele wa jengo haukujengwa usimame peke yake. Umeshikwa na mihimili ya sakafu kila ghorofa, umeshikwa na kuta za kando, umeshikwa na paa. Ukiondoa hivyo vyote kilichobaki ni tanga bila mlingoti. Hesabu yake si ndefu. Ukuta wa mita 12 kwa kimo na mita 20 kwa urefu, wenye unene wa sentimita 33, ukiondoa robo moja ya madirisha, una uzito wa kama tani 110. Hiyo ni tani nyingi, na mtu hudhani zitatosha kuusimamisha. Lakini dhoruba ya kilomita 100 kwa saa huusukuma kwa kiasi cha kilo 50 kila mita mraba, yaani tani 9 kwa ukuta mzima, na msukumo huo huelemea katikati ya kimo, mita 6 juu ya ardhi. Uzito wa ukuta huupinga kwa nusu ya unene wake tu, sentimita 16 na ushei. Zidisha: upepo una 54, ukuta una 18. Upepo una nguvu mara tatu.

Kwa hiyo, kabla ya tofali la kwanza kuondolewa ndani, husimamishwa kiunzi cha chuma, aghalabu juu ya njia ya waenda kwa miguu. Chini yake huwekwa mapande makubwa ya zege, ambayo kazi yake ni kuwa mazito tu, ili kiunzi kisipinduke pamoja na ukuta. Kila usawa wa ghorofa hupitishwa mihimili miwili ya mlalo, mmoja mbele ya ukuta na mmoja nyuma yake, ikafungwa pamoja kwa kupitia matundu ya madirisha, na kati ya chuma na tofali hutiwa vipande vya mbao. Ukuta hubanwa kama kitabu kati ya viganja viwili. Fundi mzuri hautoboi kwa kadiri anavyoweza. Hapo ndipo sakafu hukatwa, na karibu na ukuta hukatwa kwa mkono, si kwa mashine. Alama ndogo hubandikwa juu ya matofali na hupimwa kila siku kwa chombo cha kupimia. Mipaka ya kusogea huwekwa kwa milimita, na ikivukwa kazi husimama. Kama mradi unataka ghorofa chini ya ardhi, msingi wa zamani huchimbuliwa na kuongezwa kina kwa vipande vya mita moja au zaidi kidogo, kimoja hapa, kingine kule, kamwe si viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja.

Hatari haiishi kiunzi kinapoondolewa. Ukuta wa zamani umekwisha tulia juu ya ardhi yake tangu enzi za babu. Jengo jipya la zege bado linashuka, linanywea, linajikunja kwa joto na baridi. Ukiwafunga wawili hao kwa nguvu, mdogo atamburura mkubwa, na nyufa za mshazari zitatokea pembeni mwa madirisha ndani ya miaka michache. Kwa sababu hiyo vyuma vya kuwaunganisha hutengenezwa kwa tundu refu, vimshike mzee asianguke mbele wala nyuma, lakini vimwache ashuke na kupanda kwa mwendo wake. Ni uangalifu wa hali ya juu. Swali la wapinzani ni kwa nini uangalifu wote huu unatumika kuokoa sehemu moja ya kumi ya jengo, na nguvu iliyobaki ikatumika kuzitupa tisa.

Wapinzani wana hoja yenye uzito kuliko zote, nayo iliandikwa katika ardhi ya Afrika. Mwaka 2003, Baraza la Kimataifa la Minara na Maeneo ya Kihistoria, ICOMOS, lilikutana huko Victoria Falls, Zimbabwe, likapitisha hati ya kanuni za uhifadhi wa miundo ya majengo ya urithi. Hati hiyo inasema kwamba thamani ya jengo haimo katika sura yake pekee, bali katika ukamilifu wa sehemu zake zote, kwa kuwa ni zao la ufundi wa zama zake. Kisha inataja waziwazi kwamba kuondoa muundo wa ndani na kubakiza nyuso hakukubaliani na vigezo vya uhifadhi. Fikira hii inaligeuza jengo kuwa ushahidi. Kiungo cha seremala kati ya boriti na boriti, masizi ya jiko juu ya dari, ngazi iliyolika upande mmoja kwa sababu watu hupanda wakiegemea ukutani: hayo ni mambo ambayo hayakuandikwa popote pengine. Ukiyatupa, umelichoma daftari ukabakiza jalada.

Upande wa pili haukosi jibu. Wanaoitetea desturi hii huuliza kwanza: mbadala wake ni nini? Mara nyingi si jengo zima, bali ni kiwanja kitupu. Jengo limeungua ndani, au lilikwisha tolewa matumbo na matengenezo ya zama zilizopita, hakuna kilichobaki cha kushuhudia ila uso. Je, uso nao uangushwe ili kanuni ibaki safi? Mtaa nao una haki yake, na mtaa haujengwi na vyumba. Hujengwa na nyuso.

Kisha wana mifano miwili ambayo wapinzani hawaipendi. Place Vendôme, uwanja maarufu wa Paris uliobuniwa na Jules Hardouin-Mansart mwishoni mwa karne ya 17, ulianza kwa nyuso. Kuta za mbele zilisimamishwa kwanza, zikiwa na nguzo zake na mapambo yake, bila ya kitu nyuma. Kisha viwanja vikauzwa, na kila mnunuzi akajenga nyuma ya uso nyumba aliyoitaka. Mjini Bath nchini Uingereza, safu ya nyumba 30 iitwayo Royal Crescent, iliyojengwa na John Wood Mdogo kati ya mwaka 1767 na 1774, ilifuata mwendo huohuo: uso mmoja uliopinda kama mwezi mchanga, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuma yake kila mwenye nyumba akajenga kwa mpango wake. Ukizunguka nyuma ya safu hiyo utaona paa zinazopishana na kuta zinazotokeza kila moja kwa kimo chake. Mahali kama hapo, uso haukuwa matokeo ya chumba. Ulizaliwa uso. Anayebadilisha chumba nyuma yake hatendi dhambi ambayo mjenzi wa kwanza hakuitenda.

Mifano hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini ikitazamwa vyema haitetei yale ya Barabara ya Caledonian, inayashitaki. Inaonyesha kwamba swali la kuuliza kila mara ni lilelile: uso huu ulikuwa na uhusiano gani na kilicho nyuma yake? Huko Paris uhusiano ulikuwa mlegevu tangu siku ya kwanza, na unaweza kubaki mlegevu. Kwenye ghala, uhusiano ulikuwa wa damu. Kanuni moja haiwezi kuwatosha wote wawili, na kosa la sheria nyingi ni kudhani kwamba uso ni uso popote ulipo.

Kama Place Vendôme ni ncha moja ya kamba hii, ncha ya pili iko Lamu. Nyumba ya mawe ya Lamu, ile ya karne ya 18 ambayo Usam Ghaidan aliichora na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya mji huo, haina uso wa kusemwa. Kutoka kichochoroni inaonekana ukuta mrefu wa matumbawe na chokaa, matundu machache, daka lenye viti vya mawe pande mbili, na mlango. Anayeingia hupita tekani, ambayo hupinda ili jicho la nje lisifuate, akatokea kiwanda, ua mdogo ulio wazi juu. Kuanzia hapo nyumba huanza kusema. Kuna msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, vyumba virefu vilivyolala sambamba, kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua pambo la chokaa linazidi. Ukuta wa ndani kabisa huwa umejaa zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa mkono, na mgeni wa barazani huenda akafa asizione. Waliojenga hivi hawakusahau kupamba nje. Walikuwa na mawazo yao kuhusu nani anastahili kuona nini.

Upana wa misana hiyo nao hausomeki kutoka njiani. Unatokana na boriti. Boriti ya mkoko iwezayo kubeba dari nzito ya matumbawe na chokaa haivuki zaidi ya kama mita 3, na kwa hiyo chumba hukua kwa urefu, hakikui kwa upana. Mti wa mkokoni ndio uliochora ramani ya nyumba. Boriti hizo hizo, zilizoingia ndani ya kuta, ndizo zinazozishika kuta zisiachane. Anayezing'oa ili amwage zege, apate ukumbi wa mita 6, hakubadilisha dari tu. Ameondoa kipimo ambacho kila kitu humo ndani kilipimwa kwacho. Na akimaliza kwa kupiga lipu ya saruji juu ya matumbawe, unyevu na chumvi ambavyo chokaa ilikuwa ikiviacha vitoke hufungiwa ndani. Dalili yake ni lipu inayovimba na kubanduka kwa mapande, na unga mweupe unaorudi kila baada ya kufutwa.

Mji Mkongwe wa Unguja uko kati ya ncha hizi mbili, na huenda ndiyo sababu ni mgumu zaidi. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zinasema na njia: duka chini, roshani juu, mbao zilizotobolewa kwa nakshi. Kwazo, uso ni sehemu ya haki ya maana. Nyumba za Waomani, zilizouzunguka ua, zimeuachia mlango peke yake kazi ya kusema, nao mlango husema kwa nakshi na, juu ya kizingiti, pengine kwa aya na tarehe ya Hijra. Miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001. Mgeni anayepita vichochoroni kwa siku mbili huchukua picha za milango. Wenyeji walikwisha sema zamani kwamba nyumba njema si mlango, na katika suala hili methali hiyo ni karibu na maelezo ya kihandisi.

Hebu basi sharti la London lihamishiwe Lamu jinsi lilivyo: mwenye nyumba na abomoe, ila abakize ukuta wa mbele. Kiunzi kitasimamishwa kichochoroni, kama kichochoro kitakitosha. Ukuta mtupu, daka na mlango vitalindwa kwa milimita. Kisha punda wataanza kupita mmoja mmoja na vikapu vya kifusi, na ndani ya vikapu zitakuwamo boriti zilizokatwa, na chokaa ya zidaka. Anayeketi baraza ya ng'ambo hataona mabadiliko yoyote, na katika fomu ya kibali itaandikwa kwamba sharti limetimizwa.